Herufi moja ukingoni

Neno lenyewe lilikuwa zima. Hilo ndilo lililoniponza.

Lingekuwa limekatika katikati, au limefifia, ningesimama hapo. Lakini lilikaa pale mwanzoni mwa mstari, safi, likasomeka kama neno lolote la Kiswahili: *atawajibika*. Nikalitafsiri, nikaendelea. Rasimu ilipokwisha niliisoma kwa sauti, nikainuka kunyoosha mgongo, na niliporudi kitini jicho likaangukia mistari mitatu hii, jinsi ilivyokuwa kwenye skani:

```
iku hizo zitahesabiwa tangu leo. Mpangaji
atawajibika kulipa kodi ya miezi iliyobaki endapo
abla ya siku hizo kwisha atakuwa amekabidhi funguo.
```

Mstari wa juu ulianza na *iku*. Ni *siku*, mtoto wa shule angejua. Wa chini ulianza na *abla*. Ni *kabla*. Wote wawili walikuwa wamenyolewa herufi moja upande wa kushoto.

Sasa huyu wa katikati amesalimikaje?

## Mahali ambapo lugha yetu haina ulinzi

Ilikuwa ilani ya kumtaka mpangaji ahame, ukurasa mmoja, imepigwa kwa taipureta. Mpangaji ndiye aliyenitumia. Wakili wake hasomi Kiswahili, kwa hiyo nilitakiwa kuitia kwa Kiingereza na kuambatisha cheti cha mfasiri. Kazi ya jioni moja, nilidhani.

Weka *h* mbele ya *atawajibika* uone. Kilichokuwa mzigo kinageuka msamaha. Bila *h*, mpangaji anayerudisha funguo mapema anadaiwa kodi ya miezi yote iliyobaki. Kukiwa na *h*, akirudisha funguo mapema hadaiwi kitu. Miezi kadhaa ya kodi imening'inia kwenye milimita mbili na nusu za karatasi.

Tangu siku ile nimekuwa nikilichezea jambo hili kichwani, na nimegundua kwamba si kila wakati wa kitenzi una hatari hiyo. Chukua *hawajibiki*. Ikinyolewa *h* inabaki *awajibiki*, na ile *i* ya mwisho inapiga kelele kwamba kuna kitu kimepotea. Chukua *hajalipa*: inabaki *ajalipa*, neno lisilokuwepo. Ukanushi wa wakati uliopo na wa wakati timilifu unaacha alama nyingine ndani ya kitenzi, kwa hiyo hata kichwa kikikatwa mwili unasema.

Wakati ujao hauna hiyo bahati. *Hatalipa* na *atalipa* zinatofautiana kwa herufi ya kwanza tu. *Hatutadai* ikipoteza herufi mbili inakuwa *tutadai*, sentensi kamili, yenye afya, inayosema kinyume.

Na ilani za kisheria huandikwa kwa wakati gani? Ujao, karibu zote. Atalipa, ataondoka, hatadai, hatarudishiwa.

Ndiyo maana siku hizi siogopi sana skani ambayo ukingo wake wa kulia umekatwa. Kule neno likikatwa huwa linaonekana limekatwa. Mimi naogopa kushoto.

## Kwanza, je, kweli imepotea?

Kabla ya kuandika "imekatwa" popote, ni lazima ujue kama imekatwa au imefichwa. Si kitu kimoja. Mtu anaweza kuupunguza ukurasa wa PDF kwenye programu, na kinachoonekana kikapungua, lakini picha nzima ikabaki ndani ya faili. Faili huwa na mipaka miwili: `MediaBox`, yaani ukurasa wote, na `CropBox`, yaani dirisha unaloonyeshwa. Amri moja inakuonyesha yote miwili:

```
pdfinfo -box ilani.pdf
```

Kwangu ilijibu hivi, nikiacha mistari isiyohusika:

```
MediaBox:   0.00   0.00  595.00  842.00
CropBox:    0.00  40.00  595.00  842.00
```

Namba hizo ni pointi, na pointi 72 ni inchi moja. Namba ya pili ya `CropBox` ni 40 badala ya sifuri, maana yake chini ya ukurasa kuna pointi 40 zilizofichwa. Taipureta ikipiga mistari 6 kwa inchi, kila mstari unachukua pointi 12, kwa hiyo kulikuwa na nafasi ya mistari mitatu ambayo mimi sikuiona kabisa. Na nilikuwa nimeshaanza kuandika mwishoni mwa tafsiri kwamba hati inaishia pale!

Nikaitoa picha yenyewe kutoka ndani ya faili:

```
pdfimages -png ilani.pdf ukurasa
```

Mistari mitatu ikatokea. Wa kwanza ulikuwa *tua za kisheria zitafuata bila taarifa nyingine*. Wa pili mtupu. Wa tatu: *kala: Jalada*.

Huo wa tatu niliupita haraka siku ile. Nitaurudia.

Ama upande wa kushoto, namba ya kwanza ilikuwa sifuri kwenye mistari yote miwili. Hapakuwa na kilichofichwa. Aliyeskani aliilaza karatasi upande kwenye kioo, na kioo hakikuuona ukingo. Ile *h*, kama ilikuwepo, haimo ndani ya faili lile.

## Kupima

Jambo zuri la taipureta ni kwamba herufi zote zina upana mmoja. *i* inapewa nafasi sawasawa na *m*. Hii ilikuwa ya herufi 10 kwa inchi, na skani ilikuwa ya nukta 300 kwa inchi, kwa hiyo kila herufi ilikuwa na pikseli 30. Unaweza kuuwekea ukurasa wote gridi, kama daftari la hesabu, ukahesabu vyumba.

Karatasi ilikuwa imelala upande kwa nyuzi moja hivi. Ni kidogo, jicho halioni. Lakini A4 ina urefu wa milimita 297, na nyuzi moja kutoka juu hadi chini inausogeza ukingo milimita 5, yaani herufi mbili. Ndivyo ilivyokuwa hasa: mistari ya juu ilikuwa mizima, ya katikati imepoteza herufi moja, ya chini kabisa mbili. *Tua* ni *hatua*. *Kala* ni *nakala*.

*Atawajibika* ilikuwa katikati, ndani ya kundi la waliopoteza moja. Juu yake moja, chini yake moja. Mbele yake kulikuwa na chumba kimoja kisichoonekana.

Herufi gani inaweza kukaa kwenye chumba hicho? Nilizipitisha zote. *Watawajibika* lingekuwa neno zuri, ila mtenda ni Mpangaji, mmoja, ameandikwa waziwazi mwishoni mwa mstari wa juu. Kwa upatanisho wa sarufi inabaki *h* peke yake.

Nilifurahi kama mtu aliyefumbua kitendawili. Nikafuta tafsiri yangu ya kwanza, nikaandika ya ukanushi.

Sikuweka hata mabano.

## Muhuri juu ya namba

Furaha ile ilinipeleka kwenye tatizo la pili. Idadi ya siku alizopewa mpangaji ilikuwa chini ya muhuri wa buluu. Kilichosomeka ni "ndani ya siku kumi na", kisha doa, kisha "(1", kisha doa tena.

Muhuri wa rangi juu ya wino mweusi una dawa yake, mradi skani iwe ya rangi. Picha ya rangi imejengwa kwa tabaka tatu: nyekundu, kijani na buluu. Ukitazama tabaka la buluu peke yake, kitu cha buluu kinapauka na cheusi kinabaki cheusi.

```
magick ukurasa-000.png -channel B -separate bluu.png
```

Muhuri ulipauka, lakini haukutoweka. Sikuziona herufi. Niliona mabaki ya wino, miguu ya herufi tu, na mabano ya kufungulia yakiwa yamesimama vizuri. Nikapima kutoka mwisho wa *na* hadi kwenye mabano hayo: pikseli 150 hivi, vyumba vitano. Toa nafasi tupu mbili, moja kila upande wa neno. Vinabaki vitatu.

Haya, hesabu mwenyewe. Moja ina herufi nne. Mbili ina tano. Tatu, tano, sita, saba, nane, tisa, zote nne. Neno pekee lenye herufi tatu ni *nne*.

Siku kumi na nne. Nikaandika 14, nikaendelea. Sikuweka mabano pale pia.

## "Umeona au umehesabu?"

Kazi zangu za kisheria hupitiwa na mtu wa pili kabla hazijatoka. Kiwango cha ISO 17100 cha mwaka 2015 kinataka hivyo, na hata kisingetaka ningefanya. Anayenipitia ni kaka mmoja aliyenitangulia sana kwenye kazi hii. Alifungua skani upande mmoja na tafsiri yangu upande wa pili, kisha akapiga simu.

"Dada, hapa kwenye hatawajibika. Umeona au umehesabu?"

Nikamweleza yote. Nyuzi, pikseli, vyumba, upatanisho. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Sawa. Chumba kipo, nakubali. Aliyekuambia chumba kina herufi ni nani?"

Sikuelewa.

"Ni taipureta," akasema. "Mpiga chapa amemaliza 'Mpangaji', amerudisha gari mwanzo wa mstari, kidole kikagusa kiwambo cha nafasi kabla ya kuanza neno. Mstari wake unaanza chumba kimoja ndani. Hujapata kuona?"

Nimeona. Nimeona mara nyingi sana.

Kwa hiyo chumba kile kilikuwa na *h*, au kilikuwa kitupu. Kipimo changu kilithibitisha kuwa pana nafasi, basi. Maana ya sentensi ndiyo iliyonisukuma upande wa *h*, kwa sababu msamaha kwa anayerudisha funguo mapema unaonekana wa kawaida zaidi kuliko adhabu. Lakini mikataba yenye adhabu ya kuondoka mapema ipo pia, na mimi mkataba wao sikuuona. Tena, wakili ndiye atakayebishania maana. Nikimpelekea sentensi niliyokwisha kuibishania mwenyewe, bila kumwambia, nimemnyima kazi yake.

"Na ile 14?" nikauliza, nikijihami. "Pale chini ya muhuri wino upo."

"Upo. Sasa jiulize kwa nini mtu agonge muhuri juu ya namba, na ukurasa una nafasi tele."

Nikanyamaza.

Wakati mwingine muhuri hugongwa mahali pale kwa makusudi: kuthibitisha kwamba kitu kilichorekebishwa kwa mkono kimerekebishwa na mwenye hati. Huenda taipureta ilipiga *nne*, kisha kalamu ikapita juu yake. Kipimo changu kilihesabu kilichopigwa chapa. Hakikujua chochote kuhusu kalamu.

## Wasoma mawe walitutangulia

Wanaosoma maandishi ya kale kwenye mawe na mafunjo walikutana na swali hili zamani. Mwaka 1931, mjini Leiden, walikubaliana alama za kutumia. Herufi iliyoharibika ambayo bado unaona mabaki yake unaiwekea nukta chini. Herufi iliyopotea kabisa, ambayo mhariri ameirudisha kwa akili yake, unaiweka ndani ya mabano ya mraba. Kilichopotea na hakirudishiki unakiachia nukta kwa idadi ya herufi unazokisia.

Kinachonivutia ni kule kutenganisha kuona na kuwaza kwa alama mbili tofauti, ili msomaji ajue amesimama wapi. Ila sisi hatuwezi kuazima alama zenyewe. Kwenye tafsiri za kisheria mabano ya mraba yana maana nyingine: ni sauti ya mfasiri, si ya hati. Ukiandika *[h]atawajibika* wakili hatajua kama umeisoma *h* kwa shida au umeileta kutoka nyumbani.

Na kuona kwenyewe kuna mipaka. Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel aligundua kwamba baadhi ya mashine za Xerox zilikuwa zikibadilisha tarakimu wakati wa kuskani, 6 ikitoka 8, kwa sababu mfinyazo wa JBIG2 ulichukua umbo la tarakimu moja na kulitumia mahali pa nyingine inayofanana nayo. Zilitoka safi kabisa, bila doa. Ndiyo maana sikubali tena kuandika kwenye cheti kwamba nimetafsiri "hati". Hati siijui. Ninayoijua ni faili.

## Kilichobaki kwenye ukurasa

Nilianza upya. Kwenye matini yenyewe nikaacha kinachoonekana tu, na kila kilichohesabiwa kikaenda kwenye tanbihi.

Kiingereza kilinisumbua kidogo kwenye namba. Kiswahili kinaweza kuachwa kikining'inia, "kumi na …", na msomaji akajua ni kati ya 11 na 19. Kiingereza hakina neno la kuning'inia hapo; kumi na moja hadi kumi na tisa kila moja ni neno lake, halikatiki. Kwa hiyo ndani ya mabano nikaeleza: namba imefunikwa na muhuri, sehemu inayosomeka inaonyesha ni kati ya 11 na 19. Kwenye tanbihi nikasema upana wa sehemu iliyofunikwa unalingana na neno lenye herufi tatu, na kwamba neno la namba lenye herufi tatu hapo ni *nne*, lakini marekebisho ya mkono chini ya muhuri hayawezi kuondolewa.

Kwenye kitenzi nikaweka usomaji wote wawili ndani ya mabano, bila kuupa mmoja kipaumbele, na tanbihi hii, ambayo hapa naiandika kwa Kiswahili:

*Ukingo wa kushoto wa nakala umekatwa. Mistari ya juu na chini ya mstari huu imepoteza herufi moja kila mmoja. Kinachoonekana ni "atawajibika". Kama herufi iliyokatwa ni "h", maana inakuwa kinyume. Mfasiri hawezi kuthibitisha kwa nakala hii.*

*Iku*, *abla* na *tua* sikuziwekea mabano, nilizitafsiri kama siku, kabla na hatua. Mfasiri mwingine angezijaza mabano zote, na ukurasa ungekuwa kama uzio wa miba. Wakili angechoka kabla ya kulifikia bano lenye kodi ya miezi ndani yake. Niliweka sentensi moja mwanzoni kusema kwamba herufi za ukingoni zilizokatwa zimerudishwa pale ambapo neno lingine haliwezekani.

Cheti nacho kilibadilika. Maneno ya kawaida ni kwamba tafsiri ni kamili na sahihi. Kamili ya nini, na hati yenyewe si kamili? Nikaandika kwamba ni tafsiri kamili na sahihi ya sehemu zinazosomeka za nakala ya skani ya ukurasa mmoja, na nikataja jina la faili.

Mteja hakufurahi. "Dada, andika tu hatawajibika. Si umesema inaelekea hivyo?"

Nilimwambia inaelekea, ndiyo. Nikamwambia pia kwamba upande wa pili nao utakuwa na mfasiri wao.

Hapo ndipo niliposoma tena ule mstari wa mwisho uliokuwa umefichwa. *Nakala: Jalada.* Taipureta, nakala, jalada: kuna karatasi ya kaboni mahali fulani, kwenye kabati la aliyeandika ilani.

## Kaboni

Ilichukua wiki kadhaa na barua moja ya wakili. Nakala ya kaboni ilikuja ikiwa imeskaniwa vizuri, kingo zote nne zinaonekana, wino wa zambarau uliopauka.

*H* ilikuwepo.

Idadi ya siku ilikuwa "kumi na nne (14)". Lakini kaboni haikuwa na muhuri. Muhuri, na kalamu kama ilipita, viliwekwa kwenye karatasi ya juu baada ya kaboni kutolewa. Kwa hiyo kaboni ilinijibu kuhusu kitenzi, kwa maana kilichopigwa kwa pigo moja kimepita kwenye karatasi zote mbili. Kuhusu namba iliniambia tu kilichopigwa chapa, ambacho nilikuwa nimeshakihesabu.

Kishawishi kilikuwa kuziunganisha: kuchukua *h* kutoka kaboni, kuirudisha kwenye tafsiri ya kwanza, kufuta tanbihi, kumaliza. Lakini hapo ningekuwa nimetafsiri hati ya tatu, ambayo haipo popote. Nikaitafsiri kaboni peke yake, kwa cheti chake na tarehe yake, nikaandika kuwa haina muhuri wala saini. Ile ya kwanza sikuigusa.

"Sasa wakili nimpelekee ipi?" mteja akauliza.

"Zote mbili. Kila moja na skani yake."

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama ya pili nayo italipiwa. Nikamtoza ukurasa mmoja.